Unafanya kazi UN au NGO Kigoma: pensheni yako iko mfuko gani?

Pale Makere, kabla ya kuingia kambi ya Nyarugusu, madereva watatu wanaweza kukaa benchi moja wakinywa chai, magari yao meupe yameegeshwa nje, na kila mmoja ukimuuliza anafanya kazi wapi atakujibu "shirika". Waombe wakuonyeshe karatasi za mshahara wa mwezi uliopita, utaona hawafanani hata kidogo. Karatasi ya kwanza, ya dereva wa NGO ya kimataifa, ina makato mawili yanayofahamika: kodi ya TRA na asilimia 10 ya NSSF. Ya pili, ya dereva wa shirika la Umoja wa Mataifa, haina TRA wala NSSF, ila ina makato ya mfuko wa pensheni ambao ofisi ya NSSF Kigoma haina kumbukumbu zake. Ya tatu ni ya dereva ambaye naye anaendesha gari la UN, lakini karatasi yake ina namba moja tu: fedha iliyoingia benki. Hakuna alichokatwa.

Huyu wa tatu ndiye anayefurahi kuliko wenzake mwisho wa mwezi, na ndiye mwenye tatizo. Tuanze lakini na wa pili, kwa sababu ukimwelewa yeye, wengine wanaeleweka kirahisi.

Kwa nini mtumishi wa UN yuko nje ya NSSF

Mwaka 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Haki na Kinga za umoja huo. Kifungu cha 18 kinasema maofisa wa UN hawatozwi kodi na nchi wanachama kwenye mishahara wanayolipwa na umoja. Swali likawa: ofisa ni nani? Je, mhudumu na dereva nao wamo? Desemba mwaka huohuo Baraza Kuu likajibu kwa azimio namba 76: watumishi wote wamo, isipokuwa waliochukuliwa hapohapo nchini na wakalipwa kwa saa. Ndiyo maana dereva wa Kasulu aliyeajiriwa kama mtumishi anasimama chini ya kinga hiyo sawa na mkurugenzi aliyetoka nje, angalau kwa upande wa kodi ya mshahara.

Kwa upande wa pensheni, UN ina mfuko wake tangu 1949, unaojulikana kwa herufi UNJSPF. Mtumishi anaingia humo akipata mkataba wa miezi sita au zaidi, au akimaliza miezi sita ya kazi bila kukatika kwa zaidi ya siku 30. Hiyo siku 30 iangalie vizuri. Mtu anapewa mkataba wa miezi mitatu, unaisha, anakaa nyumbani wiki sita akisubiri fedha za mradi, anaitwa tena kwa miezi mitatu mingine. Kichwani mwake ana miezi sita. Mfukoni mwa UNJSPF hana hata mmoja, hesabu imeanza upya.

Ukishaingia, unakatwa asilimia 7.9 ya kile wanachokiita mshahara wa hesabu ya pensheni, na shirika linaongeza mara mbili yake, asilimia 15.8. Jumla ni asilimia 23.7, wakati NSSF jumla ni asilimia 20. Kwa hiyo mtumishi wa UN hajaachwa bila hifadhi. Ana hifadhi nzuri tu, ila ina masharti yake. Sharti kubwa ni miaka mitano. Ukiondoka kabla hujatimiza miaka mitano ya uchangiaji, unarudishiwa michango yako mwenyewe pamoja na riba ya asilimia 3.25 kwa mwaka. Ile asilimia 15.8 ya mwajiri inabaki kwenye mfuko wa UN, huondoki nayo. Ukitimiza mitano, unakuwa na haki ya pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha, hata kama utaisubiri hadi umri wa kustaafu. Kwa waliojiunga kuanzia Januari 2014 umri huo ni miaka 65. NSSF ni 60, na kwa hiari 55.

Yule wa tatu, ambaye hakatwi

UN haiendeshi kazi zake kwa watumishi peke yao. Wapo wakandarasi binafsi, washauri elekezi, na wafanyakazi wa kujitolea wa UNV. Wanakaa ofisi hiyohiyo, wanavaa kizibao kilekile, wanatumia anwani ya barua pepe yenye jina la shirika. Kisheria si watumishi.

Utajijuaje? Usiangalie kitambulisho, soma hati uliyosaini. Mtumishi ana barua ya uteuzi inayotaja Kanuni za Watumishi za Umoja wa Mataifa, na ana daraja: dereva mara nyingi G-2, ofisa wa kitaifa anaanzia NO-A. Mkandarasi ana mkataba ambao ndani yake, kwa kawaida kwenye kipengele cha hadhi ya kisheria, umeandikwa wazi kwamba aliyesaini hahesabiwi kuwa mtumishi wa UN, hana haki ya kuingia mfuko wake wa pensheni, na kodi na hifadhi ya jamii ni jukumu lake mwenyewe. Wengi wetu hukifikia kipengele hicho tukiwa tumechoka, baada ya kutafuta palipoandikwa mshahara.

Kuna mashirika machache yaliyoweka mpango wao kwa watu hawa. UNOPS, kwa mfano, ina mfuko wa akiba kwa wakandarasi wake wa muda mrefu walioajiriwa nchini. Mengine huongeza kiasi fulani kwenye malipo ya mwezi kwa maelezo kwamba mtu atajiwekea mwenyewe. Fedha hiyo ikishaingia NMB au CRDB pamoja na mshahara, haina jina. Inakwenda kwenye ada ya shule na mabati kama nyingine.

Hapa ndipo usajili wa peke yako unapohitajika. NSSF inasajili watu waliojiajiri na wachangiaji wa hiari. Unakwenda ofisi ya mkoa na namba yako ya NIDA, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na unachangia mwenyewe kila mwezi kwa benki au simu. Kama ulishawahi kuwa mwanachama kupitia mwajiri wa zamani, jambo moja usilikubali: usisajiliwe upya kwa namba mpya. Waambie unaendelea na namba yako ileile. Namba ya uanachama ni ya maisha, na miezi iliyogawanyika kwenye namba mbili ni kazi ngumu kuiunganisha baadaye, hasa kama moja iliandikwa "Yusufu" na nyingine "Yusuph".

Kodi nayo usiisahau. Kinga ya 1946 inawahusu maofisa. Mshauri au mkandarasi hayumo, na kwa kuwa UN haimkatii TRA, anatakiwa kujaza makadirio na kulipa mwenyewe kwa awamu katika mwaka. Ukikaa miaka mitatu bila kufanya hivyo, deni utakalolikuta siku unaomba hati ya uthibitisho wa mlipakodi ili ufungue biashara Mwanga halitakuwa dogo.

NGO ya kimataifa haina kinga

Dereva wa kwanza ana hali iliyo wazi kuliko wote, lakini ndipo penye uvumi mwingi. Utasikia: "Sisi ni wafadhili wa nje, hatuhusiki na NSSF." Si kweli. Shirika lisilo la kiserikali, liwe limeanzishwa Kibondo au Ulaya, linafanya kazi hapa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na cheti cha msajili hakitoi kinga yoyote ya kidiplomasia. Namba za gari za DFP hazitoi kinga. Mtanzania aliyeajiriwa humo ni mfanyakazi wa sekta binafsi kama wa duka la vifaa vya ujenzi: NSSF asilimia 20 ya mshahara ghafi, mwajiri asikukate zaidi ya nusu yake, na mchango uwe umewasilishwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Aidha mwajiri anatakiwa awe amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao analipia yeye peke yake bila kukugusa.

Uvumi huu nadhani una chanzo. Kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo waajiri hulipa TRA, na sheria yake inasamehe kwa majina kabisa balozi, Umoja wa Mataifa, na taasisi za hisani. Mhasibu wa shirika anaona msamaha huo mmoja, anauhamishia kila mahali. Msamaha wa SDL haugusi kodi ya mshahara wala NSSF.

Njia nyingine ambayo mashirika madogo hutumia, hasa yanayopewa fedha na shirika kubwa ili kutekeleza kipande cha mradi, ni kumwita kila mtu mshauri au mtu wa kujitolea. Mhamasishaji jamii anazunguka vijiji vya Uvinza kwa pikipiki ya ofisi, anasaini kitabu cha mahudhurio saa 2 asubuhi, anatuma ripoti kila Ijumaa kwa meneja, na mkataba wake wa miezi mitatu umeandikwa "ushauri elekezi". Hapa sheria ya nchi iko upande wake kuliko anavyodhani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu anadhaniwa kuwa mfanyakazi, bila kujali mkataba umeitwa jina gani, kama limetimia hata moja kati ya mambo saba: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo kwa kipato, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Mhamasishaji wetu wa Uvinza ametimiza karibu yote, na moja lingetosha. Akienda NSSF na nakala za mahudhurio na miamala ya malipo, wakaguzi wana pa kuanzia.

Hoja hiyo haifanyi kazi dhidi ya UN. Mkandarasi wa UN anaweza kuwa na sifa zote saba na bado asifike popote, kwa sababu shirika lenyewe halishtakiwi kwenye vyombo vyetu. Dereva wa kwanza na wa tatu wanaweza kuwa na kazi ileile na mkataba wenye kasoro ileile, mmoja ana mlango wa kugonga, mwingine hana.

Hesabu ya Yusufu

Tuchukue mtu mmoja wa kubuni lakini mwenye historia ambayo Kasulu nzima inaifahamu. Yusufu ni dereva, amezaliwa 1980. Januari 2009 aliajiriwa na NGO ya kimataifa, akakaa hadi Desemba 2014: miezi 72. Shirika hilo lilikuwa likichangia PPF, maana wakati ule mwajiri binafsi aliweza kuwa huko. Januari 2015 akahamia UN kwa mkataba wa mtu binafsi, miezi 24, hakatwi kitu. Januari 2017 akapata kilichotamaniwa na wengi, uteuzi wa G-2, na akahudumu hadi Desemba 2020: miezi 48. Nafasi ikafutwa. Januari 2021 akaingia NGO nyingine, iliyomchangia NSSF hadi Machi 2025, baada ya Marekani kusimamisha misaada yake ya nje na mradi kufungwa: miezi 51.

Jumlisha: miezi 195 ya kazi, zaidi ya miaka 16. Ili NSSF ikulipe pensheni ya uzee ya kila mwezi unahitaji miezi 180 ya michango. Yusufu anadhani amevuka.

Anaomba taarifa ya michango, inaonyesha miezi 51 tu.

Miezi 72 ya PPF iko wapi? Mwaka 2018 sheria iliunganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, kuanzia tarehe 1 Agosti, na sekta binafsi ikaelekezwa NSSF. Kumbukumbu za watu kama Yusufu zilipaswa kuvuka kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na zisipofanana jina, tarehe ya kuzaliwa au namba, hubaki zinaelea. Haijapotea. Anatakiwa apeleke kadi ya zamani ya PPF kama anayo, NIDA, mkataba wa 2009 na karatasi chache za mshahara za miaka ile, kisha aombe michango iunganishwe. Akifanikiwa anakuwa na 72 na 51, yaani 123. Zinabaki 57, ambazo ni miaka minne na miezi tisa.

Miezi 24 ya mkataba binafsi haina pa kuombwa. Haikuwahi kuwepo. Kama angejisajili kwa hiari mwaka ule wa 2015 akachangia hata kiwango cha chini, leo angekuwa na 147 na kubakiwa na 33.

Sasa miezi 48 ya UNJSPF. Haiongezwi kwenye hesabu ya NSSF. Ni mfuko mwingine, chini ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Tuseme mshahara wake wa hesabu ya pensheni ulikuwa sawa na shilingi 2,000,000 kwa mwezi na haukubadilika, ili hesabu iwe nyepesi. Yeye alikatwa 158,000 kila mwezi. Kwa miezi 48 ni 7,584,000. Shirika liliweka mara mbili, 15,168,000. Kwa kuwa hakutimiza miaka mitano, mwaka 2021 alichukua ile milioni saba na nusu pamoja na riba yake, akanunua kiwanja Mwandiga.

Angebaki miezi 12 zaidi, mambo yangekuwa tofauti. Kanuni ya mfuko ni kwamba kila mmoja wa miaka mitano ya kwanza unakupa asilimia 1.5 ya wastani wa mshahara wa pensheni wa miezi 36 iliyo bora katika miaka yako ya mwisho. Mitano ni asilimia 7.5, ambayo kwa mfano wetu ni shilingi 150,000 kila mwezi kuanzia umri wa miaka 65 hadi kufa. Chini kidogo ya miezi 51 ya malipo hayo ingefikisha michango yake yote aliyorudishiwa bila riba. Sisemi angekataa kuondoka, nafasi ilifutwa na hakuulizwa. Ila kulikuwa na kitu ambacho hakukijua: mwanachama anayeondoka anaweza kuahirisha uamuzi wa malipo kwa hadi miezi 36. Kama ndani ya muda huo angepata tena kazi katika shirika lolote lililo mwanachama wa mfuko, na hajachukua fedha, uanachama ungehesabiwa haukukatika, na mwaka mmoja tu ungemfikisha mitano. Kwa Kigoma, ambako UNHCR, WFP, UNICEF na IOM wote wako mfuko huo, hilo si jambo la kufikirika. Na kama atarudi siku za usoni, ana mwaka mmoja tangu kuingia upya kuomba kurejesha miaka yake ya zamani kwa kulipa alichochukua pamoja na riba.

Machi 2025, NGO ilipofunga mradi, Yusufu alikuwa na haki moja ambayo mtumishi wa UN hana: fao la upotevu wa ajira la NSSF. Aliyechangia angalau miezi 18, na ajira ikakoma bila yeye kuacha kazi wala kufukuzwa kwa kosa, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Mshahara wake ulikuwa 1,400,000, kwa hiyo ni kama 466,000 kwa mwezi, karibu milioni 2.8 kwa jumla. Fao hili linadaiwa kwa barua ya kusitishwa ajira. Ndiyo sababu ukiombwa na ofisi uandike barua ya kujiuzulu "ili mambo yaende haraka", kataa kwa adabu. Barua hiyo moja inakuondolea fao zima.

Ukigombana na mwajiri, unakwenda wapi

Mfanyakazi wa NGO anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: ndani ya siku 30 kama ni kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Michango isiyowasilishwa anaipeleka NSSF wenyewe, na ni vizuri asisubiri mkataba uishe; mradi ukifungwa na akaunti ya benki ikifungwa, NSSF nayo hubaki inatafuta mtu wa kumdai. Kila robo mwaka omba taarifa yako ulinganishe na karatasi za mshahara. Kilichokatwa kwenye karatasi lakini hakionekani kwenye taarifa ndiyo dalili ya kwanza, na mara nyingi hutangulia habari za kufungwa kwa mradi kwa miezi kadhaa.

Mtumishi wa UN ana mfumo wa ndani. Kwa walio chini ya Sekretarieti na mashirika kama UNICEF na UNHCR, anaanza kwa kuomba uamuzi utathminiwe upya na uongozi ndani ya siku 60, kisha Baraza la Migogoro la Umoja wa Mataifa, ambalo moja ya ofisi zake iko Nairobi. Mkandarasi hana huko wala CMA. Mkataba wake husema mgogoro utaamuliwa kwa usuluhishi wa kimataifa, jambo ambalo kwa dai la milioni mbili ni kama kukodi meli kuvusha debe la dagaa.

Ofisi za ubalozi mdogo, na wakimbizi wenyewe

Kigoma mjini wapo pia walioajiriwa na ofisi za ubalozi mdogo za nchi jirani, Burundi na Kongo. Mikataba ya Vienna ya 1961 na 1963 inawasamehe wanadiplomasia hifadhi ya jamii ya nchi walikotumwa, lakini inasema wazi kwamba wakimwajiri raia wa nchi hiyo ambaye hana msamaha, watimize wajibu wa mwajiri kwa sheria za hapo. NSSF nayo inaorodhesha balozi zinazoajiri Watanzania kati ya waajiri wake. Haki ipo, ila mkaguzi wa NSSF hawezi kuingia kwenye jengo lile bila kukubaliwa. Kwa hiyo mpishi au mlinzi wa huko aulize kabla ya kusaini kama ofisi ina namba ya mwajiri NSSF. Isipokuwa nayo, ajisajili kwa hiari tangu mwezi wa kwanza, na aulize TRA kuhusu kulipa kodi yake mwenyewe kwa awamu, kwani mwajiri wa namna hiyo halazimiki kumkata.

Wakimbizi wanaofanya kazi kambini kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakalimani au walimu hawamo katika chochote nilichoeleza hapa juu. Wanapokea posho ya motisha. Hawana mkataba wa ajira, na NSSF haiwahesabu. Wanachoweza kuondoka nacho siku ya kurudi kwao ni barua ya utumishi yenye tarehe ya kuanza na kumaliza na aina ya kazi, na shirika linalowatumia linaweza kuitoa bila kuomba kibali cha mtu.